Kidole Gumba cha Shangazi Bernadeta

Kabla ya kupiga picha yoyote, shangazi Bernadeta alikuwa na tabia ya kupangusa kioo cha kamera ya simu yake kwa kidole gumba. Mara moja kwenda, mara moja kurudi, kisha anapuliza. Hapo ndipo anasema, "Haya, kidevu juu, usinitazame kama unanidai." Alifanya hivyo tangu mimi niko darasa la kwanza, na mpaka naingia kidato cha tatu sikuwahi kumwona amepiga picha bila kupitisha kile kidole.

Pale Ipuli tunapokaa, kila nyumba ina picha yake ukutani. Watoto wa komunyo, maharusi, wahitimu wa darasa la saba, hata mbuzi wa mzee Shaban aliyezaa mapacha watatu. Shangazi hana studio wala kamera kubwa. Ana simu moja nzuri, miavuli miwili myeupe ya kukinga jua, na mdomo. Mtu akija na sura ya msiba, shangazi atamsema mpaka acheke, halafu ndipo anabonyeza. Kwa hiyo picha zake zina watu wanaofanana na walivyo, na hilo ndilo alilojivunia. "Mimi sirembi mtu," anasema. "Aliyekuja na kovu anaondoka na kovu lake."

Sasa Julai, baba mdogo Dionis akapadirishwa.

Baba mdogo ni kitinda mimba wa bibi Paskazia, na bibi ndiye aliyemzaa baba yangu, akamzaa shangazi Bernadeta, akamaliza na Dionis. Bibi anakaa Itetemia, analima karanga na ana mizinga michache ya nyuki. Miaka yote ambayo baba mdogo alisoma seminari Kipalapala, bibi alimpelekea karanga mbichi kwa miguu, na hakuwahi kuomba chochote. Ila safari hii aliomba. Wiki moja kabla ya misa alimwita shangazi akamwambia, "Bena, mimi nataka picha moja tu. Ile ya baraka ya kwanza. Nyingine gawaneni."

Baraka ya kwanza ni hivi, kwa asiyejua. Askofu akishampaka padre mpya mafuta ya krisma viganjani, mikono hufungwa kwa kitambaa cheupe. Baadaye inafunguliwa, inafutwa, na kitambaa kile anakabidhiwa mama mzazi akitunze mpaka siku ya kuzikwa kwake. Misa ikiisha, padre mpya anawabariki watu mmoja mmoja, wa nyumbani kwanza. Unapiga magoti, anakuwekea mikono kichwani, kisha unambusu viganja. Hata kama vimefutwa, mafuta hayaishi yote. Viganja vinateleza na vinanukia. Mimi nilivibusu nikabaki na harufu puani mpaka jioni.

Misa ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu yake baba mdogo alikuwa aondoke kwenda kufanya kazi jimbo la mbali. Alikuwa na siku mbili tu nyumbani, na alitaka aiache picha ya mama yake ikiwa ndani ya fremu.

Siku yenyewe shangazi alipiga picha kama aliyepandwa na kitu. Maandamano alipiga. Baba mdogo amelala kifudifudi mbele ya altare, watu wakiimba litania, alipiga, tena amechuchumaa nyuma yake karibu na viatu. Halafu baraka ikaanza. Kwa kuwa ndiye angempiga kila mtu picha, alisema yeye atangulie kupiga magoti amalize. Akabarikiwa, akavibusu viganja, baba mdogo akamshika mikono yote miwili akaibana, wakalia kidogo. Shangazi akainuka, akafuta machozi kwa kanga, akachukua simu yake, akapangusa kioo kwa kidole gumba. Kwenda, kurudi. Akapuliza.

"Mama, njoo," akasema.

Bibi akaja, nimemshika mkono. Nyuma kulikuwa na mishumaa mikubwa na dirisha refu la mashariki. Bibi akapiga magoti, akabarikiwa. Halafu akafanya jambo ambalo hatukulitarajia: alipoinuka, na yeye akainua mikono yake akamwekea mwanawe kichwani. Shangazi akabonyeza.

Jioni ile tulikuwa uani kwa bibi, vumbi la kiangazi, jua usoni, watu mia na sufuria za pilau. Shangazi alinionyesha ile picha kwenye simu huku amekinga jua kwa kiganja, na mimi niliona bibi na baba mdogo na mishumaa, basi. Nikasema nzuri. Yeye pia akasema nzuri.

Kesho yake, Jumapili mchana, tukaenda kwa Abdulatifu. Huyu ni fundi wa kusafisha picha karibu na soko, kijana wa mjini hapa hapa. Yeye na shangazi wanataniana toka zamani.

"Dada Bena, umeleta maharusi au mbuzi?"

"Nimeleta padre. Kaa vizuri kwenye kiti."

"Padre sawa. Kwetu akija padre tunampa kahawa." Akachomeka waya, akafungua picha kwenye kompyuta yake yenye kioo kikubwa.

Ya kwanza ilikuwa ile ya baba mdogo amelala. Latifu akaikuza mpaka viatu vikajaa kioo kizima, na wote watatu tukasogea. Soli ya kiatu cha kushoto ilikuwa na tundu. Si tundu la kusingizia, tundu lenyewe, ukubwa wa sarafu, na ndani yake unaona soksi nyeusi, na kwenye soksi unaona uzi umechomoka.

"Hii ndiyo picha," Latifu akasema taratibu. "Uzi unahesabika."

"Dionis huyu," shangazi akasema. "Alituambia viatu anavyo."

Kisha Latifu akafungua ya bibi.

Nilidhani kompyuta imekwama. Picha ilikuwa kama imepigwa kwenye moshi. Mishumaa ilikuwa imevimba, kila mmoja umetoa michirizi mirefu ya mwanga kuelekea upande mmoja. Dirisha lilikuwa limemwagikia ukutani. Kanzu nyeupe ya baba mdogo imeyeyukia kwenye mabega ya bibi, na uso wa bibi, uso wenyewe tulioufuata, ulikuwa laini kama wa mwanasesere wa nta. Macho yako pale unajua ni macho, lakini huyaoni.

Shangazi akasogea mbele. Alichukua kipanya kutoka mkononi mwa Latifu akafungua inayofuata. Moshi. Inayofuata. Moshi. Baba, mama, mimi, watawa, wanakwaya, askofu akikata keki. Picha mia mbili na zaidi. Akarudi nyuma mpaka alipokuta ya mwisho iliyo safi, na ya mwisho iliyo safi ilikuwa ile aliyoipiga kabla tu ya kupiga magoti.

"Uvumba," shangazi akasema. "Ni moshi wa uvumba kanisani."

"Na hii ya keki uani?" Latifu akauliza.

Shangazi akaketi kwenye benchi la wateja.

"Usife bado," Latifu akasema. "Siku hizi kuna programu za kila kitu." Akaanza. Akaongeza weusi, ukungu ukapungua kidogo, lakini kwenye shavu la bibi zikatokea chembechembe kama mchanga. Akaongeza ukali, michirizi ya mishumaa ndiyo ikawa mikali, uso ukabaki vilevile. Akarudisha, akajaribu kwa njia nyingine, jasho linamtoka. Mwishowe akasema kuna programu ya akili bandia, inatengeneza sura iliyofifia ikawa mpya. Tukasubiri duara likizunguka pale kwenye kioo. Nikawa naomba kimoyomoyo.

Picha ikaja. Safi kabisa. Kila unywele, kila kope.

Hakuwa bibi.

Alikuwa mwanamke mzuri wa miaka kama hamsini, midomo imejaa, meno yamepangika, paji la uso limenyooka. Kovu la kidevuni ambalo bibi alilipata utotoni alipoangukia jiwe la kusagia halikuwepo. Na masikioni alikuwa amevaa hereni za dhahabu. Bibi hajawahi kutoga masikio maisha yake yote.

Yule mama alikuwa amemwekea baba mdogo mikono kichwani, amevaa kitenge cha bibi, na hatumjui.

"Huyu nani, Latifu?" shangazi akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Sijui," Latifu akajibu. "Si mtu. Programu imekuta mwanga karibu na sikio ikadhani hereni. Imekuta uso hauna kitu ikaweka cha kwake." Akaifuta haraka, kama mtu anayefunika chungu.

Halafu akafanya alichopaswa kufanya mwanzo. Akachukua simu ya shangazi, akaigeuza mgongo, akawasha tochi ya simu yake na kuimulika kwa ubavu. "Njooni muone."

Ukitazama wima kioo cha kamera kilikuwa safi, kinang'aa. Lakini kwa ule mwanga wa pembeni nikaona alama ya kidole, mistari yote, imevutwa kwenda na kurudi, inametameta rangi rangi kama tone la mafuta kwenye maji ya mvua. Latifu akainusa.

"Mafuta gani haya yananukia hivi?"

Shangazi alikitazama kidole gumba chake. Nikaelewa kabla hajasema.

"Krisma," akasema.

Nilimuuliza Latifu mbona alama ya kidole haionekani kwenye picha kama imo mbele ya kamera. Akaniambia nilete kidole changu mpaka kiguse kope. Nikaleta. "Unaona kidole?" Sikuona kidole, niliona wingu tu limefunika kila kitu. "Ndiyo hivyo. Kiko karibu mno, kamera haiwezi kukishika. Basi kinajitawanya picha nzima. Na kioo chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mahindi, gumba moja tu limekifunika chote. Mwanga unaokuja unapita kwenye mistari ya mafuta, badala ya kwenda mahali pake unasambaa."

"Si uuondoe sasa huo ukungu?" nikasema. "Uko juu tu."

"Hauko juu. Ungekuwa kama vumbi mezani ningefuta nikaikuta meza. Huu umeshachanganyika. Mwanga wa mshumaa umekwenda kukaa kwenye shavu la bibi yako. Kompyuta ikitazama shavu inajuaje upi ni wa mshumaa na upi ni wa shavu? Inabahatisha. Ikibahatisha kidogo unapata mchanga. Ikibahatisha sana unampata yule mama wa hereni." Akatoa kitambaa laini cha miwani, akakihemea kioo, akapangusa. Sekunde tano. Akapiga picha kikombe chake cha kahawa, na mchoro wa maua kwenye kikombe ukatoka wote. "Kazi ilikuwa hii, dada Bena. Jana asubuhi."

Halafu akasema jambo ambalo nadhani lilimuumiza shangazi kuliko yote. Alisema kwa upole. "Picha zako siku zote zina kaukungu kidogo. Nilidhani simu imezeeka, nikawa nakuongezea weusi kabla ya kusafisha. Kidole cha mtu hakikosi mafuta."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Miaka tisa. Picha zote zile kwenye kuta za Ipuli. Alidhani anakisafisha.

Tukaondoka na picha moja ya bibi, ile yenye moshi, Latifu alikataa hata kuitajia bei. Shangazi akanunua na ya kiatu. Tukashika njia ya Itetemia mpaka kwenye mashamba. Hapo akasema, "Kwa mama sitasema ni simu. Nitasema ni mimi."

Tulimkuta bibi ameketi mkekani anamenya karanga, baba mdogo kwenye kigoda kando yake, kaacha kola ya upadre msumarini. Tukawaamkia, bibi akaitikia marahaba mbili. Shangazi akapiga magoti mbele ya mama yake, akaeleza kila kitu. Kidole, mafuta, kompyuta, vyote. Hakujitetea.

"Tupige nyingine," baba mdogo akasema. "Navaa sasa hivi. Mama aniwekee mikono tena."

"Baraka ya kwanza ni moja," bibi akajibu. "Ya pili ni ya pili. Leteni hiyo hiyo."

Shangazi akampa, uso ameuinamisha. Bibi akaisogeza karibu na macho, akaizungusha kidogo upande wa jua, akatabasamu.

"Mbona nzuri."

"Mama, usinionee huruma."

"Nakuonea huruma ya nini? Hii hapa mishumaa, ina ndevu zake. Hili dirisha limemwagika. Huyu Dionis, mweupe mweupe. Ndivyo ilivyokuwa. Mimi si nilikuwepo?"

Baba mdogo akacheka. Mimi pia nilitaka kucheka, halafu nikaona shangazi hacheki. Alikuwa ameinua kichwa anamtazama bibi machoni, kama anavyowatazama watu kabla ya kuwapiga picha. Polepole akaingiza mkono mkobani akatoa ile picha nyingine, ile ya kiatu, uzi wa kuhesabika.

"Na hii, mama?"

Bibi akaishika mkono wa pili. Akazitazama zote mbili.

"Sawa tu na hii. Dionis amelala. Umezitia moshi sawa sawa."

"Unaona nini kwenye kiatu?"

"Kiatu cheusi."

Karanga ikadondoka kutoka mkononi mwa baba mdogo ikabingirika mpaka mlangoni.

"Mama," shangazi akasema, "mimi sasa hivi, hapa nilipo, unanionaje?"

Bibi akasita. Ndipo nikajua kwamba alijua. "Kama siku zote," akasema. "Nakuona kama picha. Taa zina ndevu, watu wana moshi. Si uzee huu? Bwana mmoja aliniuzia miwani mnadani, haikusaidia, nimeiweka kabatini."

"Toka lini?"

"Toka mwaka juzi, labda. Uso wa Dionis niliujua kwa mikono." Akasema vile kama anatueleza habari za mvua. "Ndiyo maana nilitaka picha. Nilisema ya Bena itakuwa na uso, yeye hukamata uso. Nitaitazama polepole, siku yenye jua."

Shangazi akalia hapo hapo. Baba mdogo naye aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Mimi nilibaki nimekodoa macho, nikikumbuka kanisani nilivyomshika mkono nikidhani magoti ndiyo yanamsumbua. Nikakumbuka anavyotutambua kwa sauti, anavyoonja karanga kujua iliyooza badala ya kuichambua kwa macho. Tulikula kwake kila Jumapili. Wote tuna macho mazima.

Asubuhi ya Jumatatu baba mdogo alichelewesha safari, yeye na shangazi wakampeleka bibi hospitali mjini. Nilitoroka kipindi cha kwanza niwepo. Daktari wa macho akammulika bibi kwa kitaa chembamba kutoka ubavuni, kabisa kama Latifu alivyoimulika simu, na nilipochungulia nikaona katikati ya mboni kuna weupe kama maji ya mchele. Mtoto wa jicho, akasema, macho yote mawili. Shangazi akauliza kama kuna miwani kali zaidi.

"Miwani inakaa mbele," daktari akajibu. "Lenzi iliyochafuka iko ndani ya jicho. Mwanga ukishapita pale umeshatawanyika, hakuna miwani wala dawa ya matone itakayourudisha. Na hii haipanguswi, mama. Inatolewa, inawekwa nyingine."

Shangazi akanitazama. Nadhani wote wawili tulimwona yule mama wa hereni.

Bibi alipasuliwa jicho la kulia mwezi wa tisa, baba mdogo akiwa kule jimboni anapiga simu kila saa. Kesho yake walipofungua bandeji nilikuwepo na shangazi. Bibi alipepesa. Akatazama dirisha, akatazama pazia, akatazama mikono yake pande zote mbili. Kisha akamgeukia shangazi, akamkagua toka juu mpaka chini.

"Bena, umezeeka lini?"

"Jana, mama."

"Leta picha yangu."

Shangazi akampa ile ya baraka. Bibi akaishika mbali, akaileta karibu, akaipindua kutazama nyuma kama kuna nyingine. Akashtuka waziwazi. "Hii ndiyo niliyoitundika ukutani kwangu miezi miwili?"

"Ndiyo."

"Na wageni wakawa wanasema nzuri?"

"Wewe ulisema nzuri, wao waseme nini?"

Bibi akatikisa kichwa. Hakuirudisha, aliiweka kifuani juu ya shuka. "Mbaya hivi hivi ni yangu. Ndiyo niliyoiona siku ile, na mafuta yaliyoiharibu nayajua. Haya, na ile nyingine."

Shangazi akatoa ile ya pili. Bibi akaitazama kwa muda. Akaisogeza, akaweka kidole kwenye soli ya kiatu cha kushoto, pale pale penye tundu.

"Nini hiki?"

Shangazi akainama kutazama.

"Bernadeta, mwanangu amelala mbele ya askofu, mbele ya watu wote hawa, na kiatu kimetoboka. Uzi wa soksi unaonekana. Na mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele kabisa." Akawa hanitazami mimi wala shangazi, anatazama kiatu. "Miaka yote ile nampelekea karanga. Karanga tu."

Alitaka apewe simu, shangazi akapiga kwa kisimu chake kidogo cha kawaida akampa. Baba mdogo akaitika, akauliza mama unaonaje, na bibi hakumjibu swali.

"Unavaa namba ngapi?" akasema.

Shangazi alikuwa tayari ameinua simu yake ya picha kumpiga akiongea. Gumba likaja lenyewe mpaka mbele ya kioo, likasimama hewani. Akalirudisha, akatoa mfukoni kitambaa cha miwani, akahemea kioo, akapangusa, akakichungulia kwa ubavu dirishani. Alipomaliza, bibi alikuwa bado yuko kwenye simu anagombana juu ya viatu. Akabonyeza, na kovu la kidevuni likatoka vizuri kabisa.